Mwacheni Mwenye Mzio wa Mayai Achanjwe

Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya chanjo za watoto Tanzania, kwa hiyo anayeitaka ni lazima ameitafuta mwenyewe. Morogoro wanaoitafuta si wengi, lakini wanajulikana: mahujaji wanaojiandaa kwenda Makka, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wanaokwenda kusoma ng'ambo, wazee wenye pumu au kisukari ambao daktari wao amewashauri, na wahudumu wa afya wanaokaa na wagonjwa kutwa nzima. Mtu wa namna hii ameuliza hapa na pale, amelipa, amekunja mkono wa shati. Ndipo anaulizwa: una mzio wa mayai? Akijibu ndiyo, anarudishwa nyumbani na fedha zake, na anaondoka akishukuru kwamba ameokolewa.

Hakuokolewa. Amenyimwa kinga kwa sababu ya kanuni iliyokwisha kazi. Nasema wazi tangu mwanzo ili tusipotezeane muda: mtu mwenye mzio wa mayai hana haja ya kuikwepa chanjo ya homa ya mafua. Nasema hivyo kwa mwenye mzio mdogo wa kutoka vipele, na pia kwa yule ambaye yai lilimvimbisha midomo na kumbana kifua. Najua wauguzi wazuri, wafamasia makini na wazazi wenye uchungu na watoto wao wanaamini kinyume chake. Hawakuitunga imani hiyo. Waliisoma vitabuni, na vitabu havikuwa vya kipuuzi. Kwa hiyo wanastahili kujibiwa kwa hoja, na hoja yao yenye nguvu kuliko zote ndiyo ya kuanza nayo.

Hoja yenyewe ni kwamba chanjo hii hutengenezwa ndani ya mayai. Ni kweli. Chanjo nyingi za homa ya mafua zinazotumika duniani hadi leo hukuzwa katika mayai ya kuku yenye kijusi hai. Huu si mchezo mgeni Morogoro. Watafiti wa mifugo pale SUA wameifanyia kazi kwa miaka mingi chanjo ya I-2 ya kideri, ile anayodondoshewa kuku wa kienyeji jichoni, nayo pia hukuzwa ndani ya yai. Aliyewahi kukaa katika maabara ya namna hiyo anajua yai lenye kijusi linavyomulikwa gizani ili mishipa ya damu ionekane, na jinsi mahali pa kutoboa panavyochaguliwa kwa uangalifu.

Mahali hapo ndipo penye siri ya mjadala wote huu, na wengi hupapita bila kupaangalia. Kirusi cha mafua hakipandwi katika ute mweupe. Yai la siku 10 au 11 lina kijusi, na pembeni ya kijusi kuna mfuko wenye maji ambamo kijusi hutupa taka zake za mwilini. Kirusi hudungwa humo. Yai hurudishwa kwenye kiatamishi kwa siku mbili au tatu, kirusi kikazaliana katika kuta za mfuko ule na kumwagika majini. Kisha yai hupoozwa kwenye baridi mpaka kijusi kife na mishipa isinyae, kichwa cha yai hukatwa, na yale maji hufyonzwa. Protini za ute mweupe hujipenyeza humo kidogo kidogo, hasa wakati wa uvunaji, lakini ute wenyewe haukuwa shamba la kirusi.

Safari bado. Maji yaliyovunwa huchujwa, kirusi huuliwa kwa kemikali kama fomaldehaidi, kisha huzungushwa kwa kasi kubwa ndani ya mmumunyo wa sukari wenye uzito tofauti kuanzia juu hadi chini. Chembe za kirusi hutulia katika tabaka lake, na protini nyepesi za yai hubaki katika tabaka jingine na kumwagwa. Baada ya hapo kirusi huvunjwavunjwa kwa sabuni maalumu na kusafishwa tena. Kinachoingia kwenye chupa ni vipande vya ngozi ya kirusi. Uchafu wa yai unaobaki hupimwa kwa kuangalia ovalbumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika ute mweupe, na kipimo cha kawaida kinachotakiwa ni kwamba dozi moja ya mtu mzima isizidi mikrogramu 1. Chanjo nyingi za sasa ziko chini sana ya hapo.

Mikrogramu 1 ni kiasi gani? Chukua yai moja la kuchemsha, kama lile linalouzwa na chumvi na pilipili kwa abiria wa mabasi pale Msamvu. Ute wake mweupe una uzito wa gramu 33 hivi. Sehemu kubwa ni maji. Protini ni kama gramu tatu na nusu, na zaidi ya nusu ya protini hiyo ni ovalbumini. Tuseme gramu 1.9. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Kwa hiyo yai moja la Msamvu lina ovalbumini sawa na kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika dozi karibu milioni mbili za chanjo. Ukitaka kufikisha ovalbumini ya yai hilo kwa kuchanjwa, ungechanjwa wewe, jirani yako, na watu wote wa jiji kubwa.

Hapa mpinzani wangu anasimama, na anasimama kwa haki. Anasema: yai huliwa, chanjo hudungwa. Tumbo lina asidi na vimeng'enya vya kuisaga protini kabla haijafika kwenye damu, ila sindano hairuki kihunzi chochote, inaingia moja kwa moja kwenye msuli. Kiasi kidogo kwa njia ya sindano huenda kikafanya makubwa kuliko kiasi kikubwa kwa njia ya mdomo. Nakubali. Hesabu ya gramu peke yake haimalizi kesi. Mzio si jambo la mizani tu, na mtu anayekuambia kwamba kiasi ni kidogo kisha akanyamaza hajakujibu.

Basi tuwaulize wenye mzio wenyewe, maana wameshachanjwa kwa maelfu mbele ya madaktari waliokuwa wakisubiri jambo baya litokee. Mwaka 2012 Anne Des Roches na wenzake wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo yao pamoja na mapitio ya tafiti zilizotangulia. Walipojumlisha tafiti hizo walipata watu 4,172 wenye mzio wa mayai waliopewa chanjo ya sindano ya homa ya mafua, na kati yao 513 walikuwa na historia ya mzio mkali. Waliopata anafilaksi, yaani ule mshtuko wa mzio unaoshusha presha na kuziba njia ya hewa, hawakuwepo. Hata mmoja. Wapo waliotoka vipele vichache au kuwashwa, na hayo yalipita.

Mwaka 2015 jarida la BMJ lilitoa utafiti mwingine, wa Paul Turner na wenzake wa Uingereza, juu ya chanjo ya kupuliza puani, ambayo hutumia kirusi hai kilichodhoofishwa. Watoto na vijana 779 wenye mzio wa mayai walichanjwa. Zaidi ya theluthi yao walikuwa wameshawahi kupata anafilaksi kwa sababu ya yai. Hakuna hata mmoja aliyepata mzio wa mwili mzima baada ya chanjo. Hawa si watoto waliochaguliwa kwa wepesi wa maradhi yao. Ni wale wale ambao kanuni ya zamani ingewafukuza mlangoni.

Mtu mwenye kuzijua takwimu ataniambia sifuri si uthibitisho wa kutowezekana. Ni kweli, na tulifanye hilo kwa namba badala ya kutishana. Kuna kanuni nyepesi wanayoitumia wanatakwimu: ukiangalia watu kadhaa na usione tukio hata moja, gawanya 3 kwa idadi yao, utapata kiwango cha juu kabisa ambacho hatari halisi huenda ikafika. Kwa watu 4,172, ni chini ya mmoja katika kila elfu. Hicho ni kiwango cha juu, si hatari yenyewe. Hatari yenyewe kwa watu wote, wenye mzio na wasio nao, ilipimwa Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa kuangalia dozi milioni 25 za chanjo mbalimbali: anafilaksi ilitokea mara 33, yaani kama mara 1.3 kwa kila dozi milioni, na chanjo ya homa ya mafua ilikuwa katika kiwango hicho hicho. Kama yai lingekuwa ndilo mkosaji, tungeona wenye mzio wa mayai wakijaa katika orodha ya walioanguka baada ya chanjo ya mafua. Hatuwaoni.

Kwa nini basi kanuni ilikuwepo? Kwa sababu wakati wake ilikuwa na maana. Chanjo za kwanza za homa ya mafua, za miaka ya 1940, hazikusafishwa kama za leo. Zilibeba protini nyingi zaidi za yai, na hofu kwamba mtu mwenye mzio angedhurika haikuwa ya kubuni. Madaktari wakaandika tahadhari, vyuo vikaifundisha, fomu zikaichapisha. Viwanda vikabadilika, lakini fomu hazikubadilika. Ninavyoona mimi, hakuna kitu kinachoishi muda mrefu hospitalini kama sentensi iliyokwisha kuchapwa kwenye fomu.

Walioibadilisha waliibadilisha hatua kwa hatua, na hilo linapaswa kuwatuliza wanaodhani kwamba huu ni upepo wa mwaka mmoja. Kamati ya ushauri wa chanjo ya Marekani ilifungua mlango katika msimu wa mwaka 2011 hadi 2012: anayetoka vipele tu akila yai, achanjwe, lakini asubirishwe nusu saa. Msimu wa 2016 hadi 2017 ile nusu saa ikaondolewa, na wenye mzio mkali wakaruhusiwa kuchanjwa mahali penye uangalizi wa kitabibu. Mwaka 2018 vyama vya wataalamu wa mzio vya nchi hiyo vikaenda mbali zaidi, vikasema hata kuuliza kuhusu mayai kabla ya chanjo hii hakuna sababu. Juni 2023 kamati ikafunga hesabu: mwenye mzio wa mayai, wa kiwango chochote, apewe chanjo yoyote inayofaa umri na afya yake, kwa tahadhari zile zile anazopewa kila mtu. Kanada ilikuwa imeshafika huko mapema. Uingereza imebakiza chumba kimoja tu: waliowahi kuzidiwa na yai hadi kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi huelekezwa kwenye chanjo isiyotokana na mayai au kwa mtaalamu. Ni watu wachache sana, na sina ugomvi na chumba hicho. Ugomvi wangu ni na wanaotaka kuwaingiza humo wote.

Hapo mfamasia atafungua boksi na kunionyesha karatasi ya maelezo. Baadhi ya karatasi hizo bado zinataja mayai kati ya vitu vinavyomzuia mtu kuchanjwa. Si uongo, zinataja. Lakini karatasi ya mtengenezaji huandikwa kwa jicho moja kwenye sayansi na jingine mahakamani. Chochote kilichogusa bidhaa, hata kwa chembe, huorodheshwa, na kukiondoa kunahitaji mtengenezaji aombe mabadiliko kwa mamlaka ya dawa, jambo lisilomletea faida. Hata Marekani, ambako kamati imesema wazi kwamba mayai si kikwazo, karatasi za chanjo kadhaa zimebaki na maneno yale ya zamani. Kamati inalijua hilo na haikurudi nyuma. Karatasi inakuambia kilichomo. Mwongozo wa kitabibu unakuambia matokeo ya kukitumia kwa wagonjwa maelfu. Vikigongana katika jambo hili, mwenye ushahidi ni mwongozo.

Nadhani kwetu Tanzania kuna chanzo kingine cha mkanganyiko, nacho hakitajwi. Ni ile kadi ya njano. Wasafiri wengi wa Tanzania walikutana na swali la mayai kwa mara ya kwanza walipokwenda kuchanjwa homa ya manjano, na pale swali lilikuwa halali na bado ni halali. Chanjo ya homa ya manjano hutokana na kirusi hai cha aina ya 17D, kilichotengenezwa na kundi la Max Theiler miaka ya 1930, na kirusi hicho huvunwa kwa kusaga kijusi chenyewe cha kuku. Hakivumilii usafishaji mkali bila kufa, kwa hiyo mabaki ya protini za yai na za kuku ni mengi zaidi. Mwenye mzio mkali wa mayai anayehitaji chanjo ya homa ya manjano anapaswa kupelekwa kwa daktari, apimwe ngozi kwanza ikibidi, na huenda akashauriwa asichanjwe. Swali moja, chanjo mbili, majibu mawili. Kosa ni kulihamisha jibu la homa ya manjano na kulibandika kwenye homa ya mafua kwa kuwa zote zina neno yai katika historia yake.

Ajabu ni kwamba hatari hiyo hiyo ya yai hatuihofii mahali pengine. Mtoto wa Mgeta au Matombo hupelekwa kliniki akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18 kupata chanjo ya surua na rubella. Baadhi ya chanjo za surua duniani hukuzwa katika chembe hai za kijusi cha kuku. Hakuna mama anayeulizwa kuhusu mayai, na ni sahihi asiulizwe, maana ilishathibitika zamani kwamba wenye mzio wa mayai huchanjwa surua salama. Tumeikubali surua bila kelele. Mafua yamekosa nini?

Sasa nafika kwenye pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, na linatoka milimani. Mganga wa zahanati huko Uluguru ananiambia: tafiti zako ni za Montreal na London, ambako mtoto akibanwa kifua kuna daktari, oksijeni na gari mlangoni. Mimi nina muuguzi mmoja, barabara inayoteleza mvua ikinyesha, na hospitali ya rufaa iko chini mjini. Akizidiwa mtu hapa, nitafanya nini?

Swali lake ni zito, ila analielekeza kwa mtu asiyehusika. Zahanati hiyo hiyo hudunga penisilini. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba anafilaksi ya penisilini hutokea kwa mtu mmoja hadi watano katika kila wagonjwa elfu kumi wanaopewa. Linganisha na chanjo, mara 1.3 katika dozi milioni. Kama zahanati haina uwezo wa kushughulikia anafilaksi, haipaswi kudunga penisilini leo mchana, achilia mbali chanjo. Na kama inao uwezo huo, chanjo ya mafua ni katika sindano zake za hatari ndogo kabisa. Kumzuia mwenye mzio wa mayai hakuipunguzii zahanati hatari, kwa sababu atakayepata anafilaksi baada ya chanjo kwa kawaida ni mtu ambaye hakuna swali lolote lingemtambua.

Kinachohitajika ni kidogo, na kinapaswa kuwepo popote panapodungwa sindano. Kwanza ni adrenalini, ile ya miligramu 1 katika mililita 1, iliyo ndani ya muda wake, na bomba la sindano karibu yake, si kabatini kwa mtu aliyekwenda sokoni na ufunguo. Mtu mzima hupewa mililita 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hupewa 0.3, na aliye chini ya miaka 6 hupewa 0.15. Dakika tano zikipita bila nafuu, hurudiwa. Mgonjwa hulazwa miguu ikiwa juu, isipokuwa kama anahangaika kupumua, hapo huachwa akae. Dawa za kuondoa mwasho hazichukui nafasi ya adrenalini. Anayeanza nazo anapoteza dakika ambazo hatazipata tena.

Pili ni kujua unachokiona. Wengi wanaoanguka baada ya sindano wamezimia kwa woga tu, na hapa ndipo uvumi mwingi juu ya chanjo huzaliwa. Aliyezimia huanguka mara moja, pengine sindano haijatoka mkononi. Huwa amepauka, ana jasho la baridi, mapigo yake ya moyo ni ya polepole, na ukimlaza huzinduka baada ya muda mfupi. Mwenye anafilaksi kwa kawaida huanza dakika chache baadaye: anawashwa, mabaka mekundu yanainuka mwilini, midomo au macho yanavimba, sauti inakwaruza, kifua kinatoa mlio, anaweza kutapika, na mapigo ya moyo yanakimbia. Kumlaza peke yake hakumsaidii. Ndiyo maana mchanjwaji yeyote hukalishwa kama dakika 15 kabla ya kuondoka, awe anakula mayai kila asubuhi au hajawahi kuyagusa.

Tuchukue mfano, nao ni wa kutunga ila unafanana na mambo yanayotokea. Mama wa miaka 62 wa Kilakala anajiandaa kwenda hija. Ana pumu tangu utotoni. Saudi Arabia inamtaka awe na chanjo ya homa ya uti wa mgongo angalau siku 10 kabla ya kufika, na inashauri mahujaji wachanjwe homa ya mafua. Anamwambia muuguzi kwamba yai humtoa vipele na mara moja lilimbana kifua.

Kwa kanuni ya zamani, mama huyu anaondoka bila chanjo ya mafua. Tazama amepelekwa wapi: katikati ya umati wa watu zaidi ya milioni moja, wanaolala kwenye mahema, wanaokohoa bega kwa bega, naye mapafu yake ni yale ambayo homa ya mafua huyapenda. Ni jambo linalojulikana kwamba mzio wa chakula na pumu huenda pamoja mara nyingi katika mwili mmoja. Maana yake kanuni ile haiwanyimi chanjo watu wa kubahatisha. Inawachuja wale wale wanaoihitaji kuliko wengine na kuwaacha nje. Hiyo ndiyo tahadhari tunayoisifu.

Kwa utaratibu sahihi, muuguzi anauliza maswali mengine. Mama, uliwahi kuchanjwa homa ya mafua ukazidiwa baadaye? Kama ndiyo, na ilikuwa anafilaksi, hapo chanjo inasimama na mama anapelekwa kwa daktari, kwa kuwa chanjo yenyewe, au kitu kingine kilichomo kisicho yai, ndiyo imeshukiwa. Je, uliwahi kupooza miguu na mikono katika wiki sita baada ya chanjo kama hii? Leo una homa kali? Pumu yako leo ikoje? Kama kifua kinambana siku ile, atibiwe kwanza, arudi akitulia. Kama majibu yote ni shwari, anachanjwa begani, anakaa dakika 15, anakwenda zake. Habari ya yai inaandikwa kwenye faili lake kwa manufaa ya chakula chake, haiandikwi kama kizuizi. Afanye hivyo wiki mbili au zaidi kabla ya safari, maana mwili huchukua muda kama huo kutengeneza kingamwili za kutosha.

Nikiwa hapo hapo, niseme neno juu ya wanaojiita wenye mzio. Wengi hawana. Wapo waliokatazwa mayai wakiwa wajawazito, wakaambiwa mtoto atazaliwa hana nywele, wakaendelea kuyakwepa hadi uzeeni. Wapo ambao yai huwajaza gesi tumboni kesho yake. Mzio wa kweli huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, na huja tena kila unapokula. Ni vizuri kulijua hilo kwa ajili ya mlo wako na wa watoto, kwani watoto wengi wenye mzio wa yai huondokana nao wanapokua. Lakini kwa chanjo hii huna haja hata ya kubishana na mgonjwa kama mzio wake ni wa kweli. Awe nao au asiwe nao, jibu ni lile lile.

Nimesikia pia rai ya kusubiri: zipo chanjo zisizotumia mayai kabisa, nyingine hukuzwa katika chembe za figo ya mbwa, nyingine hutengenezwa bila kirusi chenyewe, kwa nini mwenye mzio asizingoje hizo? Kwa sababu hana anachokingoja. Chanjo hizo ni nzuri, na zikiwepo kwenye jokofu azitumie kama mtu mwingine yeyote. Ila kumwambia mtu wa Morogoro, ambako hata ile ya kawaida ni ya kusaka, asubiri aina adimu zaidi ili kukwepa hatari ambayo maelfu ya wenye mzio hawakuiona, ni kumnyima kwa adabu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa fomu za kliniki za wasafiri, kwa wakufunzi wa wauguzi na kwa wenye maduka ya dawa ni hili. Kwenye fomu ya homa ya manjano liacheni swali la mayai. Kwenye fomu ya homa ya mafua lifuteni, na mahali pake muandike: uliwahi kupata mzio mkali baada ya chanjo ya homa ya mafua? Nawe msomaji uliyewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya yai, msimu ujao rudi ukachanjwe.